Koadi za Sita Iliyopanuliwa na Namna Zinavyoifikia Dominanti



Wapendwa walimu wa kwaya, wapiga kinanda na wasomaji wetu wote, makala haya yanahusu kundi dogo la koadi ambalo mtunzi anayefuata taratibu za muziki wa klasiki hukutana nalo mapema, mara nyingi pasipo kulitambua. Anatunga wimbo wa Kwaresima katika maina, anafika karibu na mwisho wa sentensi, anapandisha noti moja nusu toni, na ghafla kinanda kinatoa mlio mkali na mtamu kwa pamoja. Anaupenda mlio huo, lakini hajui aupeleke wapi. Akiupeleka popote atakapo, wanakwaya wataupoteza. Akiupeleka unakotaka kwenda, hata kwaya changa itauimba. Koadi hizo huitwa koadi za sita iliyopanuliwa, nazo ni za namna tatu.

Kwa kuwa kwaya zetu nyingi husoma tonik solfa, tutaeleza jambo hili kwa solfa, tukiongeza majina ya noti za kinanda inapobidi. Msomaji aangalie sana maandishi. Tukiandika r tuna maana ya noti ya pili ya skeli ya meja kama ilivyo. Tukiandika re tuna maana ya noti hiyo iliyopandishwa nusu toni. Vivyo hivyo f iliyopandishwa ni fe, na s iliyopandishwa ni se. Noti zilizoshushwa ni ma kutoka m, ta kutoka t, na la kutoka l. Hapa ndipo wengi hujikwaa, maana mdomoni tumezoea kusema «la» kwa noti ya sita ya kawaida. Katika maandishi noti hiyo ni l peke yake, na la ni ile iliyoshushwa. Katika maina tutachukua l kuwa nyumbani, kama solfa ilivyofundishwa siku zote. Kwa mifano yote, d ni C ya kinanda, na kwa hiyo l ni A.

Asili ya koadi hizi iko karibu na madhabahu kuliko wengi wanavyodhani. Katika nyimbo za Kigregoriani, mtindo wa tatu na wa nne humalizia kwenye m. Anayejua kuimba Pange lingua, utenzi wa Alhamisi Kuu ambao beti zake mbili za mwisho huimbwa kwenye Baraka ya Sakramenti, anaujua mwisho wa namna hiyo, kwa sababu wimbo huo ni wa mtindo wa tatu. Sifa kubwa ya m kama noti ya mwisho ni kwamba noti iliyo juu yake, yaani f, iko umbali wa nusu toni tu. Nyimbo zinazomalizia kwenye r au s huteremka kwa toni nzima kufika mwisho. Inayomalizia kwenye m huteremka kwa nusu toni. Ndiyo sababu mwisho huo una uzito wa pekee, kama mtu anayeinama badala ya kupiga hatua.

Watunzi walipoanza kuimba kwa sauti mbili na zaidi, walikuwa na kanuni ya kufikia mwisho: sauti mbili zisimame kwanza katika umbali wa sita kubwa, kisha ziachane, ya chini ishuke na ya juu ipande, zifike kwenye oktava. Katika kanuni hiyo moja kati ya sauti hizo ilipaswa kusogea kwa nusu toni. Wimbo ukimalizia kwenye r, sauti ya chini iliteremka kutoka m hadi r, ambayo ni toni nzima. Basi ile ya juu, iliyokuwa kwenye d, ilipandishwa ikawa de, ili ipande kwa nusu toni. Lakini wimbo ukimalizia kwenye m, sauti ya chini ilikuwa tayari na nusu toni yake, f hadi m, hivyo ya juu ilibaki r na kupanda toni nzima. Mabwana wa zamani hawakuigusa ile r. Kuipandisha pia kungeleta umbali ambao masikio yao hayakuukubali.

Watunzi wa karne ya 17 na ya 18 waliigusa. Walichukua mwisho ule ule, f chini na r juu, wakapandisha r ikawa re. Sasa sauti zote mbili husogea kwa nusu toni: f inashuka hadi m, re inapanda hadi m. Tukihesabu kwenye kinanda, kutoka F hadi D iliyo juu yake ni nusu toni 9, nayo ni sita kubwa. Kutoka F hadi D shapu ni nusu toni 10, nayo ndiyo sita iliyopanuliwa. Jina linatokana na umbali huo peke yake. Noti nyingine zinazoongezwa katikati zinabadili rangi ya koadi, lakini hazibadili kazi yake.

Hapo ndipo kiini cha somo kilipo, na tunaomba msomaji atulie nacho kidogo kabla ya kwenda kwenye zile namna tatu. Noti iliyopandishwa kwa kawaida hutaka kuendelea kupanda, na noti iliyo nusu toni juu ya noti nyingine huvutwa kushukia pale. Hapa f na re zote mbili zinaizunguka m, moja ikiwa nusu toni juu yake na nyingine nusu toni chini yake. Lakini kwa kuwa f imewekwa besi na re imewekwa juu, hazisogeleani. Zinaachana, kila moja ikienda kwake, na kila moja inaifikia m yake. Zinapofika, kuna m chini na m juu, oktava safi. Oktava hiyo ni sehemu ya koadi ya m, se, t, ambayo katika maina ndiyo dominanti, yaani koadi ya tano inayotaka kurudi nyumbani kwenye l. Kwa hiyo sita iliyopanuliwa haiendi nyumbani moja kwa moja. Inakwenda mlangoni, na dominanti ndiyo inayofungua mlango.

Katika meja kazi ni hiyo hiyo, isipokuwa mlango umehama. Nyumbani ni d, dominanti ni koadi ya s, t, r, na noti mbili zinazoizunguka s ni la juu yake na fe chini yake. Mtunzi atalazimika kubadili noti mbili badala ya moja, maana l ya kawaida iko toni nzima juu ya s. Kwa sababu hiyo katika meja mlio huu huonekana kama kivuli kilichopita ghafla, ilhali katika maina unatokea karibu wenyewe. Anayejifunza aanze na maina.

Sasa tuingie katika namna ya kwanza, inayoitwa sita ya Kiitalia. Ni noti tatu tu: f, l, re. Ikiwa kwaya ni ya sauti nne, noti moja lazima iimbwe na sauti mbili, na noti hiyo ni l. Sababu yake ni rahisi. Sauti mbili zikishika re, zote zitataka kupanda hadi m, zitatembea kwa oktava sambamba, na kwaya ya sauti nne itasikika kama ya sauti tatu. Sauti mbili zikishika f, zitashuka pamoja kwa kosa lile lile. Lakini l ina uhuru: inaweza kushuka nusu toni hadi se, na inaweza pia kupanda toni moja hadi t. Basi zile l mbili zigawane njia.

Tuiandike kwa sauti. Besi ashike f, ambayo ni F iliyo chini ya C ya katikati. Sauti ya tatu ashike l iliyo juu yake. Sauti ya pili ashike l ya oktava inayofuata, na sauti ya kwanza ashike re juu ya hiyo. Koadi inayofuata, besi anashuka f hadi m. Sauti ya tatu inashuka l hadi se. Sauti ya pili inapanda l hadi t. Sauti ya kwanza inapanda re hadi m. Tumepata m, se, t, m: dominanti kamili yenye noti zake zote, na hakuna mwimbaji aliyeruka zaidi ya toni moja. Mwalimu anayepiga koadi hizo mbili kwenye kinanda, mara tano au sita polepole, ataelewa zaidi kuliko kwa ukurasa mzima wa maelezo yetu.

Namna ya pili ni sita ya Kifaransa. Inapatikana kwa kuongeza t katika ile ya kwanza: f, l, t, re. Hakuna tena haja ya kurudia noti, kwa sababu noti ni nne na sauti ni nne. Njia yake ni nyepesi kupita zote: f inashuka m, l inashuka se, re inapanda m, na t haiendi popote, kwa maana t ni noti ya dominanti tayari. Mwimbaji wa t ni kama aliyetangulia kufika akawangoja wenzake. Rangi yake ni kali kidogo, kwa kuwa l na t zimebanana kwa toni moja, na f na t ziko katika umbali wa nne iliyopanuliwa ambao kwaya huona taabu kuushika. Kwa kwaya isiyo na kinanda tungeshauri itumike kwa uangalifu, na t ianzwe katika koadi iliyotangulia ikiwezekana, ili mwimbaji asiitafute hewani.

Namna ya tatu, sita ya Kijerumani, ndiyo yenye mambo mengi. Badala ya t, tunaongeza d: f, l, d, re. Mlio wake umejaa na ni laini. Masikio huupokea bila kushtuka. Lakini laini hiyo ina mitego miwili.

Mtego wa kwanza uko katika uongozaji wa sauti. Kati ya f na d iliyo juu yake kuna tano kamili. Koadi ikienda moja kwa moja kwenye dominanti, f inashuka m, na d inashuka t. Kati ya m na t kuna tano kamili pia. Sauti mbili zimetembea kwa tano sambamba, jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa hamonia hukatazwa katika wiki zake za kwanza. Walimu wengine huziita tano hizi «tano za Mozart», kwa kuwa mtunzi huyo hakuona haya kuziacha zipite mahali kadhaa. Sisi tunaona kwamba aliye na sikio la Mozart anaweza kujiruhusu. Wengine tufuate njia ya kawaida.

Njia ya kawaida ni kuchelewesha dominanti kwa koadi moja. Besi anashuka f hadi m kama ilivyo desturi, na sauti ya kwanza inapanda re hadi m, lakini sauti za katikati zinabaki mahali pake: l inabaki l, d inabaki d. Tunapata m, l, d, m, ambayo ni koadi ya nyumbani iliyopinduliwa, m ikiwa besi, na ambayo wanamuziki huiita koadi ya sita-nne. Isidanganye mtu kwamba tumeshafika nyumbani. Kwa kuwa m iko besi, koadi hiyo inaning'inia juu ya dominanti. Kisha l inashuka se na d inashuka t, huku m mbili za nje zikishikiliwa. Dominanti imekamilika, na zile tano sambamba hazipo tena, kwa sababu f na d hazikusogea kwa wakati mmoja.

Kuna njia nyingine fupi zaidi, ambayo humfaa mtunzi ambaye maneno yake hayana silabi ya kutosha kwa koadi tatu. Kabla besi hajasogea, mwimbaji wa d ateremke hadi t wakati wengine wanashikilia. Kwa nusu pigo sita ya Kijerumani imekuwa ya Kifaransa, na kutoka hapo tunajua njia. Msomaji ataona kwamba namna hizi tatu zinapokezana bila shida. Ndiyo maana hatupendi kuziona zikifundishwa kama wanyama watatu wa misitu mitatu. Ni mnyama mmoja mwenye mavazi matatu. Hata majina yasimpe mtu shida: yamezoeleka kupitia vitabu vya nadharia, na hayamaanishi kwamba Waitalia waliandika namna moja na Wajerumani nyingine. Watunzi wa nchi zote walizitumia zote.

Kwa wanaotunga katika meja, tuseme neno moja tu. Mavazi ni yale yale: ya Kiitalia ni la, d, fe, ya Kifaransa ni la, d, r, fe, ya Kijerumani ni la, d, ma, fe. Katika ile ya Kiitalia d ndiyo inayorudiwa, mmoja ashuke t na mwenzake apande r. Katika ile ya Kijerumani koadi ya sita-nne itakayofuata ni s, d, m, kwa hiyo mwimbaji wa ma atapanda hadi m. Baadhi ya watunzi humwandikia re badala ya ma ili macho yake yaone kwamba anapanda.

Hilo linatufikisha kwenye mtego wa pili wa sita ya Kijerumani, nao uko katika maandishi. Kwenye kinanda, D shapu na E flati ni kitufe kimoja. Kwa hiyo f, l, d, re hupigwa kwa vidole vile vile kama f, l, d, ma. Lakini ile ya pili si sita iliyopanuliwa hata kidogo. Ni koadi ya saba ya dominanti inayotaka kwenda kwenye ta, yaani B flati. Humo ma inataka kushuka hadi r, na l inataka kupanda hadi ta. Umbali kati ya f na ma ni saba ndogo, wenye nusu toni 10 kama ule wa f na re, lakini moyo wake ni kinyume: saba ndogo hutaka kufinywa, sita iliyopanuliwa hutaka kufunguka. Mlio ni mmoja, njia ni mbili, na anayeamua ni yule anayeandika.

Watunzi wakubwa wa karne ya 19 waliutumia mlango huo wa pande mbili kuhama kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine: msikilizaji anadhani anakwenda B flati, kumbe koadi inageuka kuwa sita iliyopanuliwa na kumshusha A maina. Kwetu sisi tunaoandikia kwaya, jambo la haraka zaidi ni kuandika sahihi. Nakala nyingi zinazozunguka mikononi mwa kwaya zina ma mahali panapostahili re, kwa sababu mtunzi alitafuta mlio kwenye kinanda kisha akaandika jina la kwanza lililomjia. Dalili yake ni rahisi kuiona. Tazama noti inayofuata katika sauti hiyo. Ikiwa ma inafuatwa na m, na besi wakati huo huo anashuka kutoka f hadi m, basi hiyo ni re iliyoandikwa vibaya. Dalili nyingine husikika katika mazoezi: sauti ya kwanza inaimba noti hiyo ikiwa imelegea, chini kidogo ya inapotakiwa, kwa sababu mwimbaji aliyeona ma ameshajiandaa kushuka. Mwalimu anaweza kuwakaripia wiki nzima. Akibadili herufi, tatizo linapungua siku hiyo hiyo.

Tukiwa bado katika mazoezi, tuseme namna ya kuifundisha koadi hii kwa kwaya ambayo haijawahi kuiimba. Tusianze na sauti nne. Besi waimbe f kisha m, na sauti ya kwanza waimbe r kisha m, mara kadhaa, mpaka ile oktava ya m iwe safi. Huo ni mwisho wa kale, na kwaya yoyote inauweza. Kisha sauti ya kwanza waimbe r, re, m kwa mfululizo, huku besi wakishikilia f mpaka re isikike, ndipo washuke. Kwa kupitia r kwanza, re inaonekana kuwa hatua ndogo kutoka mahali panapojulikana, si noti iliyotoka mbinguni. Sauti ya tatu waongezwe na l yao, na sauti ya pili mwisho, wakiwa na l, t au d kadiri ya namna iliyoandikwa. Tukifuata utaratibu huo, mfupa wa koadi umesimama kabla ya nyama kuwekwa.

Hatuwezi kufunga somo hili bila kuonyesha mahali ambapo kanuni inageuzwa juu chini na mtu aliyeijua kuliko wote. Johann Sebastian Bach alikuwa Mlutheri, lakini alituachia Misa kamili ya Kilatini katika B maina, aliyoikamilisha katika miaka ya mwisho ya maisha yake, karibu na 1749. Katika Nasadiki ya Misa hiyo, maneno ya kusulubiwa, Crucifixus, yako katika E maina. Muziki wake si mpya kabisa. Bach aliuchukua kutoka katika kantata aliyoitunga Weimar mwaka 1714, iliyokuwa katika F maina. Besi hurudia mzunguko mmoja wa mizani nne, mara 13, ukishuka kwa nusu toni kutoka nyumbani hadi dominanti. Tukichukua d kuwa G, mzunguko huo ni l, se, s, fe, f, m. Msomaji ataona kwamba hatua yake ya mwisho, f hadi m, ni ile ile ya mtindo wa Kigregoriani tuliyoanza nayo.

Katika kantata ya 1714 mzunguko huo uliishia palepale ulipoanzia, katika maina. Kwa ajili ya Misa, Bach aliandika mwisho mpya. Waimbaji wamefika kwenye maneno ya kuzikwa, sepultus est, na sauti zao zimekwenda chini. Katika mzunguko wa 13 besi anaacha njia aliyoishika tangu mwanzo. Anasimama kwenye fe, yaani C shapu, na juu kabisa sauti ya kwanza imesimama kwenye la, yaani E flati, noti ambayo haina nafasi yoyote katika E maina. Fe na la ndizo noti mbili zinazoizunguka s. Ni sita iliyopanuliwa ya meja, ila imepinduliwa: fe, ambayo desturi huiweka juu, iko besi, na la, ambayo desturi huiweka besi, iko juu. Kwa hiyo umbali kati yao si sita iliyopanuliwa tena bali ni tatu iliyopunguzwa, iliyopanuliwa kwa oktava, na sauti hizo haziachani. Zinasogeleana. Besi anapanda nusu toni kutoka fe hadi s, sauti ya kwanza inashuka nusu toni kutoka la hadi s, na zinakutana kwenye D katika oktava iliyo finyu kuliko pale zilipoanzia.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hapa pawe na kufinywa wakati kila mahali pengine koadi hii hufunguka. Bach hakuacha maelezo, nasi hatutamsemea. Tunaona tu kwamba maneno ni ya kuzikwa, kwamba sauti zinakaribiana na kushuka, na kwamba koadi inayofuata ni dominanti ya G meja, si ya E maina. Baada ya mizunguko 12 ya maina, mizani ya 53, ambayo ndiyo ya mwisho, inatulia kwenye koadi ya meja, kimya kimya. Kisha linafuata mara moja Et resurrexit, kwa tarumbeta na ngoma, katika D meja: ile s ambayo fe na la ziliifikia kaburini sasa imekuwa nyumbani.